Aya ya Ufunguzi: Sentensi Tatu za Kumshika Msomaji Mwenye Haraka

“Mahindi ni zao muhimu la chakula katika nchi yetu.” Sentensi hii ni ya kweli, lakini ndiyo inayomfukuza mkulima aliyefungua makala kwa sababu dumuzi wameshaingia ghalani. Aya ya ufunguzi ina sentensi tatu tu za kumwonyesha anayepitisha macho kwamba amefika panapomhusu, kuna cha kuchukua, na mbele kuna zaidi.

Makala hiyo hiyo ingeweza kuanza hivi:

“Mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu hata ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Kabla ya kufunga, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha itulie dakika 15: chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Lakini kukauka ni nusu ya kazi, kwa kuwa hewa ikibaki mfukoni dumuzi wataendelea kula.”

Sentensi ya kwanza inataja hasara anayoiogopa, na neno “mahindi” liko mwanzoni kabisa, macho yanapotua. Ya pili inampa jambo zima la kufanya leo. Waandishi wengi hulificha jambo hilo hadi mwisho wakihofu kwamba akishalipata ataondoka, kumbe aliyepewa kitu cha kweli mapema ndiye anayeamini kwamba chini kuna kingine. Ya tatu inafungua swali: hewa inatolewaje? Aya inayofuata lazima ijibu hilo. Ikirukia historia ya mifuko, msomaji ameshapotea, na safari ijayo hatakuamini.

Kosa kubwa kwetu linatoka kwenye insha za shule, tulikofundishwa kuanza kwa fasili na “kama tunavyojua sote”. Mwalimu alilazimika kusoma hadi mwisho ili atoe alama. Mwenye simu halazimiki. “Katika makala hii nitaeleza” nayo inakula sentensi nzima kutangaza kazi badala ya kuifanya.

Ukishaandika, funika aya ya kwanza kwa kiganja na usome kuanzia ya pili. Kama hakuna kilichopungua, ifute; mara nyingi ufunguzi wenyewe umejificha kwenye aya ya tatu, unangoja kupandishwa juu. Kisha soma maneno manne ya mwanzo ya kila sentensi peke yake. “Mahindi yasiyokauka vizuri huota” tayari yanasema kitu. “Ikumbukwe kwamba kwa muda” hayasemi lolote, hata kama mwisho wa sentensi hiyo kuna jambo zuri, kwa sababu msomaji mwenye haraka hafiki huko.