Namba ya 1 ikae Sura ya Kwanza, si kwenye jalada

Msimu wa kukusanya ripoti, steshenari za Nyegezi na Malimbe hupokea fleshi zenye ugonjwa mmoja: jalada lina namba 1, Sura ya Kwanza imeangukia 8. Mwenye kazi akiifuta ile ya jaladani, zote zinafutika. Kwa Word, waraka usiokatwa ni sehemu moja, na kijachini chake ni kimoja.

Chukua ripoti ya uvuvi wa dagaa: jalada, kurasa 6 za shukrani, yaliyomo na vifupisho, kisha sura. Hapo pana sehemu 3, yaani mikato 2. Weka kishale mbele ya neno la kwanza la shukrani, nenda Layout > Breaks > Next Page. Rudia mbele ya "SURA YA KWANZA". Usichague Page, hiyo husukuma maandishi tu bila kugawa chochote. Kama ilikuwapo tangu awali, ifute, la sivyo utapata ukurasa mtupu.

Sasa bofya mara mbili kijachini cha Sura ya Kwanza na uzime Link to Previous. Fanya hivyohivyo kwenye shukrani. Hili litangulie kabla hujagusa namba yoyote. Wengi huliacha mwisho, ndipo kila wanachofuta huku kinafutika na kule. Baada ya hapo futa namba ya jalada. Kwenye shukrani fungua Page Number > Format Page Numbers, chagua i, ii, iii na Start at i. Kwenye sura, chagua 1, 2, 3 na Start at 1.

Pambizo ya kushoto ipe sentimita 4 ili spairo isile maneno. Ila angalia Apply to: imesimama kwenye This section, kwa hiyo ukibonyeza OK harakaharaka utarekebisha sehemu yenye kishale peke yake. Weka Whole document.

Orodha ya mialo ukiitaka katika safu mbili, iteue kisha Layout > Columns > Two. Word yenyewe itaweka mikato ya Continuous juu na chini yake. Namba zikirudi 1 baada ya orodha, sehemu mpya imerithi Start at. Ibadilishe iwe Continue from previous section.

Mikato huonekana ukibonyeza Ctrl+Shift+8. Usiifute ovyo. Mpangilio wa sehemu umehifadhiwa kwenye mkato ulio mwishoni mwake, hivyo ukiufuta, sehemu ya juu huvaa sura ya ile ya chini. Ctrl+Z haraka.

Wakati wa kuprinti, ukurasa wa 1 sasa uko zaidi ya mmoja. Ukitaka kurasa 12 za mwanzo za sura, kwenye Pages andika hivi, p ikiwa ukurasa na s sehemu:

```
p1s3-p12s3
```