Doti moja ni mita ngapi?

Ninapotafsiri barua za zamani za wafanyabiashara wa pwani kwenda Kiingereza, shida yangu kubwa ni vipimo vya kitambaa. Msomaji wa Kiingereza anataka mita na sentimita, na barua inasema tu "doti ishirini za merikani".

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Shibiri mbili ni dhiraa moja, yaani mkono, kuanzia kiwikoni. Mikono miwili ni wari, na mikono minne ni pima, urefu wa mtu aliyenyoosha mikono yote miwili. Upande mmoja wa merikani ulikuwa pima moja, na pande mbili ni doti. Kwa hiyo doti ni mikono minane, au wari nne. Wari ni sentimita 91.44, basi doti inakuja mita 3.66. Jora la wari 30 ni kama mita 27.4, linatoa doti saba na nusu.

Tatizo ni kwamba mwili haulifuati jedwali hilo. Nimejipima mwenyewe kwa futi kamba. Shibiri yangu, kidole gumba hadi cha mwisho, ni sentimita 22, mbili ni 44. Lakini kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati napata 47. Nikifumba ngumi na kupima hadi kwenye vifundo vya vidole, napata 37 tu. Vyote viwili huitwa dhiraa: cha kwanza dhiraa kamili, cha pili dhiraa konde. Kwa mkono wangu, doti ya dhiraa kamili ni mita 3.76 na ya konde ni mita 2.96. Hizo ni sentimita 80 za kitambaa zilizopotea kwa kufumba vidole! Ndiyo maana mnunuzi alikuwa na haki ya kuuliza kwanza ni mkono gani unaopima.

Mtego mwingine uko karibu zaidi. Leo tukisema doti tunafikiria kanga, vipande viwili vya kama mita moja na nusu kila kimoja, jumla mita tatu hivi. Mimi mwenyewe niliwahi kutumia kipimo hicho kwenye barua ya merikani, na majora hayakulingana na idadi ya doti. Nilipogawa upya kwa wari nne, hesabu ikakaa sawa.

Kwa hiyo sasa nabakiza neno lenyewe, "doti", ndani ya Kiingereza, na pembeni naweka "takriban mita 3.7". Siandiki 3.6576 hata kama kikokotoo kinaitoa, kwa sababu tarakimu nne hizo za baada ya nukta zingemfanya msomaji aamini kwamba aliyepima alikuwa na rula. Na barua ikitaja konde, siigusi wari kabisa: naandika karibu mita tatu, na naeleza kwamba ngumi ilikuwa imefumbwa.