Tulikosea mwaka wa Fort Jesus, na hivi ndivyo tulivyoandika marekebisho

Wiki jana makala yetu ya Fort Jesus ilitoka na kosa na mimi ndo nliyeihariri. Tuliandika ngome ilikamilika 1696. Mzee mmoja wa Mji wa Kale akanipigia, "Mwanangu, hapo mmetuongezea miaka mia." Nkamwambia shikamoo mzee, asante, nacheki saa hii. Kweli, Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, na 1696 ni mwaka Waomani walipoanza kuizingira, mpaka wakaichukua 1698.

Sa kubadilisha tarakimu ni sekunde mbili, lakini soma aya inayofuata: tulikuwa tumesema Waomani waliivamia ngome ikiwa bado mpya, yaani kosa lilikuwa limeshazaa lingine. Ungerekebisha mwaka peke yake ile sentensi ingebaki pale inadanganya, kwa hivo ukipata kosa moja fuata kila kitu kilichoegemea hapo, kichwa cha habari, maelezo ya picha, mpaka posti ya Fesibuku.

Rasimu ya kwanza ya mwenzangu ilisema "Makala hii imeboreshwa." Nkaikataa, manake msomaji aliyeisoma asubuhi hajui kilichobadilika ni nini, na pengine ashaenda kumfundisha mtoto wake ule mwaka. Ya pili ikasema "kulitokea kosa la mwaka", na hapo ndo Kiswahili kinatupa maficho, kosa linatokea lenyewe kama mvua, hakuna aliyelifanya. Sema tuliandika. Ya tatu ikaenda upande wa pili kabisa, mistari sita ya kusikitika na kuomba msamaha, mwaka sahihi uko mwisho huko, na msomaji alikuja kutafuta mwaka.

Tuliyoweka ni hii, juu kabisa ya makala:

"Marekebisho, Jumanne saa kumi jioni: Awali tuliandika kwamba Fort Jesus ilikamilika 1696. Si kweli. Ilijengwa kati ya 1593 na 1596. 1696 ndio mwaka Waomani walipoanza kuizingira. Tumeondoa pia sentensi iliyosema ilivamiwa ikiwa mpya. Tunaomba radhi."

Tumelitaja kosa lenyewe makusudi, ili aliyelibeba ajue ni lipi la kutupa. Ingekuwa tumemsingizia mtu wizi nisingerudia ile tuhuma neno kwa neno, ningesema tu tulichoandika kumhusu hakikuwa kweli, manake kurudia ni kumchafua mara ya pili. Jina la mwandishi kijana aliyechanganya miaka halimo, makala ilipita mikononi mwangu kabla itoke, kwa hivo ni "sisi". Na iko juu kwa sababu kosa lilibadilisha maana, herufi iliyoruka tu hua naisahihisha bila notisi.

Fesibuku posti ya zamani ilikuwa imesheaiwa tayari, kuifuta kungewaacha wale na skrinishoti yenye 1696 bila majibu, basi tukaiacha, tukaandika marekebisho juu yake palepale, halafu nkampigia mzee nkamsomea.