Ukanda wa hatari: chakula cha shule kinapokaa vuguvugu

Wataalamu wa usalama wa chakula huita "ukanda wa hatari" kiwango cha joto kilicho kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Chini ya hapo bakteria wengi wanaosababisha magonjwa huzaana polepole sana au hawazaani kabisa, na juu ya hapo hawawezi kukua. Katikati ndipo wanapostawi, na wakiwa na unyevu na lishe ya kutosha, baadhi yao huongezeka maradufu kila dakika 20. Bakteria mmoja anayeanza hivyo saa moja asubuhi huweza kuwa zaidi ya 500 ifikapo saa nne.

Ndiyo maana chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa katika ukanda huo zaidi ya saa mbili, na siku ya joto linalopita nyuzi 32, zaidi ya saa moja. Mtoto anayefungiwa chakula saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kula saa saba mchana anakaa nacho saa sita na nusu. Chakula chake basi kiwe moto kweli muda wote huo, au baridi kweli, au kiwe cha aina isiyojali joto. Uvuguvugu ndio wa kuogopwa.

Tuchukue wali, maana ndio unaodanganya wengi. Mchele huwa na bakteria wenye spora, yaani mbegu ngumu zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukiiva na kuachwa upoe taratibu, spora hizo huamka, bakteria huzaana, na baadhi yao hutoa sumu inayomtapisha mtu ndani ya saa chache. Sumu hiyo haiharibiki kwa kupasha moto. Kwa hiyo wali uliolala usiku kucha kwenye sufuria mezani haufai kupelekwa shule hata ukichemshwa vipi asubuhi. Unaofaa ni uliopikwa asubuhi hiyohiyo, au wa jana uliotandazwa kwenye chombo kipana ili upoe haraka, ukaingia kwenye friji mapema, na asubuhi ukapashwa hadi ukatoa mvuke kote, hata katikati.

Wali huo utie kwenye themosi ya chakula yenye mdomo mpana. Kwanza ijaze maji yanayochemka, funika, iache kama dakika 10, kisha yamwage. Hatua hii wengi huiruka, kumbe themosi baridi hunyonya joto la chakula mara tu kinapoingia. Chakula kiingie kikiwa moto sana, kijae karibu na mfuniko, maana themosi iliyojaa nusu hupoa upesi. Mwambie mtoto asiifungue hadi muda wa kula, na akifungua asubiri kidogo asije akaungua mdomo.

Utajuaje kama themosi yako inaweza? Ijaribu siku ambayo mtoto hana shule. Ijaze vilevile saa kumi na mbili na nusu, ifungue saa saba, uchome kipimajoto cha chakula katikati. Kikisoma nyuzi 60 au zaidi, iamini. Kikisoma 45, themosi hiyo haifai kwa safari ndefu kiasi hicho, hata kama wali bado unaonekana wa moto. Usitegemee pua, kwa sababu chakula chenye sumu hiyo huweza kunukia vizuri kabisa.

Mkebe wa kawaida wa plastiki hauwezi kazi hii. Kufungia ndani yake chakula cha moto ni kukiacha kishuke taratibu hadi kwenye ukanda wa hatari na kubaki humo hadi mchana.

Njia ya baridi ina sharti lake: chakula kiwe kimelala kwenye friji, kwani barafu ya kwenye begi hutunza baridi iliyopo, haina nguvu ya kupoza kitu cha moto. Weka chupa mbili ndogo za maji yaliyogandishwa, moja chini ya mkebe na moja juu, ndani ya mfuko wa kuhifadhi baridi. Saa ya kula, chupa ziwe bado na barafu au baridi kali. Zikiwa zimeshapata joto, nyama, mayai au maziwa yaliyomo yasiliwe.

Usipokuwa na themosi wala barafu, mpe mkate na siagi ya karanga ikiwa hana mzio, njugu kavu kama ana umri wa kuzitafuna salama, biskuti, na tunda zima lililooshwa. Vyakula vikavu havina maji ya kutosha kwa bakteria, na ganda la tunda huwazuia kuingia. Tunda likishakatwa kinga hiyo imeondoka, nalo linahitaji baridi.

Wali, nyama au maziwa yatakayorudi nyumbani jioni yatupwe, yasipashwe tena, kisha themosi na mfuniko wake vioshwe kwa sabuni na maji ya moto, pamoja na ile raba ya ndani ambako mabaki hujificha.