Yogati inayojisaga yenyewe: kwa nini maziwa freshi yanakuvuruga tumbo ila yogati na jibini iliyokomaa vinapita salama

Shemeji yangu alikuja kutoka Mpwapwa mwezi uliopita, asubuhi nikamwekea kikombe kikubwa cha maziwa ya moto na chapati, akakisogeza pembeni taratibu akaniambia, "Shem, mimi maziwa nimeachana nayo, nikinywa hivi saa moja haiishi tumbo linaunguruma kama lori linapanda mlima." Jioni yake nikarudi nyumbani nikakuta kamaliza bakuli zima la yogati niliyogandisha mwenyewe, na usiku amelala fofofo. Watu wengi wanaona hapo kuna uongo, yaani kama maziwa yanakukataa inakuwaje yogati ikukubali wakati ni maziwa yale yale? Siyo uongo, na sababu yake inapendeza ukiielewa.

Tuanze na chenyewe kinachosumbua. Ndani ya maziwa kuna sukari inaitwa laktosi, ambayo ni sukari mbili ndogo zimeshikana, glukosi na galaktosi. Zikiwa zimeshikana haziwezi kupenya ukuta wa utumbo kuingia kwenye damu, lazima zikatwe kwanza. Kazi ya kukata inafanywa na kimeng'enya kinaitwa laktasi, kinakaa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Mtoto mchanga anacho tele, ila watu wengi wakishaachishwa ziwa kinapungua miaka inavyoenda, na ndo maana theluthi mbili hivi ya watu wazima duniani hawakati laktosi vizuri. Huo siyo ugonjwa. Wanaoendelea kuwa nacho ukubwani wamerithi mabadiliko fulani ya vinasaba, na mwaka 2007 timu ya mtafiti Sarah Tishkoff ilichapisha kazi waliyoifanya kwa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan ikaonyesha kwamba mabadiliko waliyonayo wafugaji wa huku kwetu siyo yale ya Wazungu, yalitokea huku huku kivyake. Kwa hiyo usishangae kwenye familia moja hapa Dodoma kaka ananywa nusu lita ya maziwa anaenda kuchunga, mdogo wake kikombe kimoja tu kinamlaza.

Sasa laktosi isiyokatwa inafanya nini? Inavuta maji ndani ya utumbo, afu inateremka mpaka utumbo mpana ambako kuna bakteria kibao wanaipokea kwa furaha, wanaichachusha, wanatoa gesi. Maji pamoja na gesi ndo hayo mangurumo, tumbo kujaa, na kukimbilia chooni, kwa kawaida kati ya nusu saa na masaa mawili hivi baada ya kunywa. Na hapa niseme kitu maana nakisikia sana: kuchemsha maziwa hakuondoi laktosi. Kuchemsha kunaua vijidudu, na ni lazima uchemshe, ila sukari inabaki pale pale. Kuongeza maji nako hivyo hivyo, ukinywa yote umekunywa laktosi yote.

Haya, hesabu. Kikombe cha robo lita ya maziwa ya ng'ombe kina laktosi gramu 12 hivi. Ukiyafanya yale yale kuwa yogati, bakteria wa yogati wanakula sehemu ya ile sukari na kutoa asidi ya laktiki, ndo inaleta uchachu na kugandisha. Ila wanakula kiasi tu, kama robo hivi, kwa hiyo kwenye bakuli la shemeji bado kulikuwa na gramu 9 hivi za laktosi. Wengi wanakosea hapo, wanadhani yogati ni chachu basi sukari ya maziwa imeisha. Haijaisha! Ingekuwa suala ni kupungua tu, gramu 9 bado zinatosha kumsumbua mtu kama shemeji.

Siri iko kwa bakteria wenyewe. Yogati halisi inatengenezwa na bakteria wa aina mbili wanaofanya kazi pamoja, Laktobasilasi bulgarikasi na Streptokokasi themofilasi, na hawa ndani ya miili yao wamebeba kimeng'enya chao cha kukata laktosi. Unapokula yogati unameza na wao, mamilioni kwa mamilioni. Wakiwa kwenye bakuli wameshalegea, maana asidi waliyoitengeneza wenyewe imewabana na baridi ya friji imewatuliza, ndo maana laktosi inabaki. Wanafika tumboni, asidi ya tumbo ni kali lakini yogati yenyewe inaipunguza makali na ngozi ya bakteria inakilinda kile kimeng'enya ndani kama ganda la karanga. Wakishuka utumbo mwembamba mambo yanabadilika kabisa, asidi imepungua, joto ni la mwili, na nyongo inapomwagika inawatoboa toboa. Laktosi inaingia, kimeng'enya kinaanza kukata. Yaani kazi ambayo utumbo wa shemeji hauwezi, anafanyiwa na bakteria aliowameza kwenye kijiko kile kile. Ndo maana watafiti waliopima jambo hili miaka ya 1980 wakaiita yogati chakula kinachojimeng'enya chenyewe. Walipima haidrojeni kwenye pumzi za watu, maana gesi ile ya utumbo mpana nyingine inaingia kwenye damu na kutokea mapafuni, na waliokula yogati ikatoka kidogo sana kuliko waliokunywa maziwa yenye laktosi ile ile.

Kuna na la pili dogo: yogati ni nzito, inatoka tumboni taratibu kuliko maziwa, kwa hiyo laktosi inashuka kidogo kidogo na hata kale kalaktasi kachache ulikobakiwa nako kanapata muda. Kwa sababu hiyo hiyo maziwa ukinywa pamoja na ugali au chapati yanavumilika kuliko ukiyanywa tumbo tupu asubuhi.

Ukishaelewa kwamba bakteria wakiwa hai ndo mchezo mzima, unajua pia wapi inaharibika. Niliwahi kununua yogati dukani, ile ya pakiti inayokaa juu ya shelfu bila friji miezi, nikampa binti yangu ambaye naye maziwa hayamkubali, akashinda anajipinda. Yogati ya namna ile mara nyingi inapashwa moto tena baada ya kuganda ili isiharibike, na moto unaua bakteria na kuharibu kimeng'enya chao, kwa hiyo kinachobaki ni maziwa machachu yenye laktosi karibu yote iliyobaki pale. Kitu cha pili ni maziwa ya unga. Watengenezaji wengi wanaongeza maziwa ya unga ili yogati iwe nzito, na maziwa ya unga karibu nusu yake ni laktosi, kwa hiyo uzito wa yogati siyo lazima uwe dalili nzuri. Uzito unaotokana na kuchujwa kwenye kitambaa ni mwingine, pale maji yanatoka na laktosi inatoka nayo.

Kujua kama yogati uliyonunua ina uhai ni rahisi. Chemsha nusu lita ya maziwa, yaache yapoe mpaka uweke kidole uhesabu kumi bila kuungua, joto kama 43 hivi, chukua vijiko viwili vya ile yogati (isiyo na ladha wala sukari), koroga, funika, vika blanketi. Mimi naweka ndani ya hotipoti. Baada ya masaa 6 mpaka 8 ikiganda, bakteria wako hai. Ikibaki maji maji kama ulivyoiacha, basi ulinunua wafu. Weka na kikombe kingine cha maziwa yale yale bila yogati pembeni, ili usidanganyike na maziwa yaliyojigandia yenyewe.

Na mtindi wetu? Hapa niwe mkweli. Mtindi una laktosi pungufu na ni mzito, kwa hiyo wengi wanauvumilia kuliko freshi. Ila mtindi mwingi wa pakiti unagandishwa na bakteria wengine wanaopenda joto la kawaida la chumba, wanaitwa laktokokasi, na hao wanaivunja laktosi kwa njia nyingine, hawana kile kimeng'enya cha kuja kukufanyia kazi utumboni kama wale wa yogati. Mtindi wa kibuyu una mchanganyiko wa bakteria, kila kibuyu na wake, kwa hiyo utakuta wa kwa bibi unakukubali wa jirani unakusumbua. Ukiona mtindi unakugomea usikate tamaa na yogati, ni vitu viwili.

Jibini iliyokomaa inafika pale pale kwa njia tofauti kabisa, hapo bakteria hawaji kukusaidia, laktosi yenyewe haipo. Chukua lita 10 za maziwa, zina laktosi karibu gramu 480. Ukizigandisha kwa kutengeneza jibini unapata bonge la kilo moja hivi, na lita 9 hivi za maji ya kijanikijani yanayochuruzika, watu wa mifugo wanayamwagia nguruwe. Laktosi inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo karibu yote imekwenda na nguruwe. Kwenye bonge zimebaki labda gramu 20 kwenye unyevu wake, na bakteria waliomo wanaendelea kuzila siku hadi siku mpaka wiki kadhaa zikipita hakuna kitu cha maana. Cheda au gauda iliyokaa miezi, kipande cha gramu 30 kinakuwa na laktosi ya kuhesabia kwenye sehemu ndogo za gramu moja. Mtu ambaye kikombe kimoja cha maziwa kinamlaza anaweza kula kipande hicho na asisikie chochote.

Neno "iliyokomaa" ndo la kushika. Jibini mbichi, ile laini nyeupe ya kupaka au ya punje punje inayoliwa siku mbili tatu baada ya kutengenezwa, bado imebeba maji mengi na laktosi yake. Na jibini za kuyeyushwa zilizofungwa vipande vipande kwenye karatasi mara nyingi zimeongezwa maziwa ya unga, kwa hiyo soma nyuma ya pakiti.

Yote haya yanahusu laktosi tu. Mtu mwenye aleji ya maziwa, anayevimba midomo, kutoka vipele au kubanwa pumzi, shida yake ni protini ya maziwa, na protini imejaa kwenye yogati na jibini pia. Huyo asijaribu hata kijiko. Na mtoto mdogo anayeharisha au kutokua vizuri mpeleke hospitali, usimjaribishie nyumbani.

Shemeji alikaa wiki nzima. Asubuhi chai yake nikawa namtilia maziwa kidogo tu, vijiko vitatu vinne, hayo hata yeye anayaweza, watu wengi wa aina yake wanaweza hata gramu kadhaa za laktosi zikija na chakula. Jioni bakuli la yogati. Siku anaondoka aliniomba vijiko viwili kwenye kikopo akagandishe kwao.