Themometa ya hasira kwa mtoto anayelipuka: tunayoamini na ukweli wenyewe

Nazungumzia yule mtoto wa miaka minne mpaka sita hivi ambaye ukizima tu katuni anajitupa chini, anarusha kikombe, anang'ata aliye karibu na nyumba nzima inasimama, sio yule wa kununa kidogo kisha basi. Siku hizi wazazi wengi wanabandika ukutani ile themometa ya hisia, karatasi yenye ngazi za rangi za kumsaidia mtoto kuonyesha hasira yake imefika wapi, wanajaribu siku chache halafu wanasema haisaidii kitu. Mara nyingi shida sio karatasi, shida ni haya tunayoyaamini.

DHANA: Ukimwambia "naona umekasirika" unamdekeza, atakupanda kichwani.

UKWELI: Kukubali hisia yake sio kukubali alichofanya. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye miaka ya 1990 aliandika sana habari hizi, msimamo wake ni kwamba hisia zote ni ruksa ila sio kila kitendo. Kwa hiyo unasema "umekasirika maana katuni imezimwa na ulikuwa bado unaitaka, lakini kumpiga dada hapana," na tivii inabaki imezimwa. Kinachodekeza ni kuiwasha tena ili anyamaze. Na hapa tuseme ukweli, yule mzazi mkali anayefoka dakika kumi halafu anachoka na kumpa rimoti ndiye anayedekeza haswa, maana mtoto ameshajua kelele zikifika kiwango gani anapata.

DHANA: Themometa ni ya kumwonyesha akiwa ameshalipuka.

UKWELI: Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtoto yuko chini anapiga mateke, mama kashika manila anauliza "uko namba ngapi?" Hawezi kujibu. Hasira ikishafika juu ile sehemu ya ubongo ya kufikiri na kuchagua maneno inakuwa imezidiwa, na kwa mtoto mdogo sehemu hiyo bado changa kabisa. Ni kama maziwa jikoni, moto unapunguzwa yanapoanza kupanda, yakishamwagika unachobaki nacho ni kufuta.

Kwa hiyo themometa inafundishwa akiwa ameshiba na ametulia, tena kama mchezo. Chukua nusu ya manila, chora bomba la themometa, ligawe ngazi nne tu: kijani 1 nimetulia, njano 2 naanza kuudhika, chungwa 3 nimekasirika, nyekundu 4 nalipuka. Zile za ngazi kumi mtoto wa miaka mitano zinamchanganya. Pembeni ya kila ngazi mnachora dalili ya mwili wake yeye, sio ya mtoto wa kwenye picha, na kitu kimoja cha kufanya akifika hapo. Na wewe jipime mbele yake: "leo foleni ilinifikisha tatu, nikanywa maji nikashuka mbili." Akiona wakubwa nao wanapanda na kushuka haoni aibu kusema namba yake.

Kuna bwana mdogo mmoja wa jirani yangu, miaka mitano, vita yake kubwa ilikuwa tivii ya jioni. Mama alikuwa anasema analipuka ghafla bila dalili. Akaanza kumwangalia vizuri, akagundua kabla ya kulipuka anasokota pindo la shati lake, sauti inakuwa nyembamba, na anarudia "bado, bado." Basi hiyo ndiyo 2 yake, wakachora shati lililosokotwa kwenye njano. Halafu mama akabadilisha na namna ya kuzima: hapigi kelele tena akiwa jikoni, anakuja kukaa karibu naye dakika tano kabla, anasema "hii ikiisha tunazima, utabonyeza wewe mwenyewe." Akiona shati linasokotwa anasema kwa sauti ya chini "naona shati, tumefika mbili?" kisha wanaingia kwenye utaratibu wao, ule ule kila siku: kunywa maji, kupoza uji mara tatu, yaani anavuta pumzi puani kama ananusa uji kisha anapuliza taratibu kama anaupoza, halafu anasukuma ukuta kwa viganja. Kupuliza kuwe kirefu kuliko kuvuta, ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Na haya yote waliyafanyia mazoezi mchana wakicheka, asingeyajifunza akiwa analia.

Na zipo siku anafika 4 hata hivyo. Hapo mama haongei sana, anamwondoa mdogo mtu, anasogeza vikombe, anakaa karibu na kusema "nipo hapa, sitakuacha umpige mtu," basi. Hakuna hotuba, hakuna "kwa nini unafanya hivi?" Maongezi yanakuja akishatulia kabisa, hata baada ya chakula, tena mafupi: ulifika ngapi, ulianza kusikia nini mwilini, kesho tufanyeje. Kikombe kikimwagika anafuta yeye, bila kufokewa.

DHANA: Mwache apige mto mpaka hasira zimtoke.

UKWELI: Hasira sio usaha kwamba utaukamua. Mwaka 2002 Brad Bushman alijaribu jambo hili na wanafunzi wa chuo Marekani, waliopiga gunia la mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi ndio waliobaki na hasira zaidi, kuliko hata walioketi tu bila kufanya chochote. Sawa, wale walikuwa wakubwa, ila mtoto anayezoeshwa kupiga akikasirika anafanya mazoezi ya kupiga. Kusukuma ukuta au kubeba ndoo ndogo ya maji ni tofauti, mwili unafanya kazi bila kuwepo wa kupigwa.

DHANA: Kona ya kutulia, ile mnayoitenga nyumbani ya kupoza hasira, ni pa kumpeleka akikosea.

UKWELI: Ukisema "nenda kwenye kona yako!" kwa ukali, hiyo ni adhabu yenye mto na mwanasesere, na ataikimbia. Anakwenda akiwa 2 au 3, na mwanzoni mnakwenda wote.

DHANA: Tangu tuanze amezidisha kelele, kwa hiyo njia hii imeshindwa.

UKWELI: Mtoto aliyezoea kelele kumpatia rimoti, siku ukikataa kweli atapandisha kwanza, anajaribu kama zikizidi utakubali. Ukikubali hapo umemfundisha kulipuka zaidi. Usipime kwa macho tu, weka kidaftari: saa ngapi, nini kilitangulia, kilidumu dakika ngapi, nani aliumia. Hasira hazitaisha, unachotafuta ni milipuko kufupika na yeye kurudi kijani haraka. Daftari pia linafichua mambo, mfano milipuko mingi iko saa kumi na moja jioni kabla hajala, basi hapo dawa ni kipande cha muhogo saa kumi.

DHANA: Kila hasira ni malezi tu.

UKWELI: Mtoto anayekoroma usiku na kulala vibaya, asiyesikia vizuri, au aliyechelewa kuongea anaweza kulipuka sana na manila haitamfikia hapo. Kama milipuko yake kwa kawaida inapita dakika 25, anajiumiza mwenyewe kama kugonga kichwa, inatokea mara nyingi kwa siku au hata chekechea wanalalamika hivyo hivyo, mpeleke kliniki ya watoto na ubebe lile daftari. Daktari akikuuliza "inatokea mara ngapi?" utamsomea, sio kukisia.