Dodoma: 428 "kama CaCO3" si chokaa miligramu 428

Mwenye kisima kirefu pembeni ya Dodoma anapewa karatasi ya maabara: ugumu wa jumla, 428 mg/L kama CaCO3. Anauliza, "Kwa hiyo kila lita ninayokunywa ina karibu nusu gramu ya chokaa?"

Hapana. Mzigo wote uko kwenye neno "kama". EDTA, kemikali ambayo maabara hutumia kupima ugumu, haijui kabonati. Inashika ayoni za kalsiamu na magnesiamu, molekuli moja kwa ayoni moja. Maabara inahesabu ayoni hizo zote, kisha inazipa uzito wa kalsiamu kabonati, gramu 100 kwa moli, ili visima vyenye mchanganyiko tofauti vilinganishwe. Kwa hiyo 428 ni milimoli 4.28 tu. Ikiwa 2.52 kati ya hizo ni kalsiamu na 1.76 ni magnesiamu, uzito halisi ni miligramu 101 na 43. Na kwa kuwa jibu halisemi ayoni hizo zimeandamana na nini, usitarajie kuchemsha kutaondoa ugumu wote: sehemu ya bikabonati ndiyo inayoganda kwenye birika, ya salfeti na kloridi inabaki majini.

Dhana nyingine ya mjini ni kwamba maji ya chumvi ndiyo maji magumu. Sodiamu haigusi kipimo hiki. Maji yanaweza kuukera ulimi na bado yakatoa povu la sabuni vizuri.

Kosa ninalolijua vizuri zaidi, maana nimelifanya mwenyewe, ni la kugawanya. Maji magumu hivi yakipimwa mililita 50 yanakula EDTA nyingi, kazi inachelewa, na kwenye pH 10 kalsiamu inaweza kuanza kuganda kabla hujamaliza. Ndiyo maana nilichukua mililita 25, nikajaza maji safi ya maabara hadi 50, nikatia bafa ya amonia ya kushikilia pH hiyo na eriokromu nyeusi T, rangi inayoonyesha mwisho wa kipimo. Rangi ya mvinyo ikageuka zambarau, kisha buluu safi isiyo na dalili ya wekundu, bureti ikiwa imeshuka mililita 10.7 za EDTA ya 0.01 M. Nikagawanya kwa 50, kwa kuwa ndiyo niliyoiona kwenye chupa. Nikaandika 214.

```
ugumu (mg/L) = V × M × 100 × 1000 / sampuli
10.7 × 0.01 × 100 × 1000 / 25 = 428
```

Sampuli ni maji ya kisima tu. Yale ya kujazia hayana ugumu, kwa hiyo hayabadilishi mililita za EDTA wala hayaingii kwenye hesabu.

Aliyenikamata alirudia kwa mililita 10 za kisima kilekile, akajaza hadi 50. EDTA ilikwenda 4.3. Kwa 10, jibu ni 430, jirani kabisa na 428. Kwa hesabu yangu ya 50 lingekuwa 86, na kisima ni kilekile.